"Mimi Huwa Hivi Tu": Mazungumzo Kuhusu Sonona ya Kudumu

(Mazungumzo ya afisa wa kliniki wa kitengo cha afya ya akili, yaliyotolewa katika baraza la chifu)



Nimeombwa nizungumze kuhusu sonona, ule ugonjwa ambao wengi wetu huuita dipresheni. Mara nyingi tukiutaja, tunamfikiria mtu aliyeanguka kabisa: ameacha kazi, haogi, amejifungia chumbani. Huyo hata jirani humwona. Leo nataka kumzungumzia mwingine, ambaye kila siku anaenda shambani, anafungua kibanda chake, analipa karo, na bado ni mgonjwa. Ugonjwa wake huitwa sonona ya kudumu. Zamani madaktari waliuita disthimia.

Kipimo chake kikuu ni muda. Kwa mtu mzima, moyo unakuwa mzito sehemu kubwa ya siku, siku nyingi kuliko zile njema, kwa angalau miaka 2. Kwa mtoto au kijana mdogo, mwaka 1 unatosha, na mara nyingi kwao huonekana kama hasira za kila saa. Pamoja na uzito huo kuna angalau mambo mawili kati ya haya: hamu ya chakula imepotea au imezidi, usingizi umeharibika, nguvu hazipo, mtu anajidharau, anashindwa kutulia kwenye jambo au kuamua, au haoni mbele kuna nini. Na katika miaka hiyo yote hajawahi kupata hata miezi miwili mfululizo ya nafuu.

Nitawapa mfano. Si mtu mmoja. Nimeuunganisha kutokana na wagonjwa kadhaa ili siri ya mtu isitoke. Ni baba wa miaka 41 anayeendesha mashine ya kusaga unga. Alikuja kwa sababu ya kichwa kuuma na tumbo kuwaka. Alikuwa ameshatibiwa taifodi mara nne na vidonda vya tumbo mara mbili, na kila mara maumivu yalirudi. Nilipomuuliza kama ana huzuni, alisema hana. Nilipomuuliza analala vipi, alisema huamka saa tisa usiku na kukaa macho hadi alfajiri. Tangu lini? Akacheka kidogo. "Daktari, mimi huwa hivi tu. Hata shuleni waliniita Mzee."

Jina hilo alipewa akiwa kidato cha pili, mwaka uliofuata kifo cha baba yake. Kabla ya hapo, dada yake mkubwa alituambia, alikuwa ndiye mtoto wa fujo nyumbani, hodari wa kuiga sauti za walimu. Yeye mwenyewe alikuwa amemsahau mtoto huyo.

Hapo ndipo ugonjwa huu hujificha. Mtu mwenye malaria anajua ni mgonjwa kwa sababu juzi alikuwa mzima. Analinganisha leo na juzi. Mtu ambaye uzito ulimwingia akiwa na miaka 15 hana juzi ya kulinganisha. Amekuwa mtu mzima, ameoa na kulea watoto akiwa ndani yake. Ukimuuliza yukoje, atakujibu kwa ukweli wake wote kwamba yuko kawaida. Nasi tunamsaidia kujificha, kwa maana tumeshampa jina: mpole, mnung'unikaji, mtu asiye na furaha, "ukoo wao ndio ulivyo". Mtu akibandikwa jina la tabia, hakuna anayemwambia aende hospitali.

Msidhani ni ujinga wa vijijini. Hadi mwaka 1980, wataalamu wenyewe waliihesabu hali hii zaidi kama kasoro ya nafsi ya mtu. Mwaka huo kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kiliihamisha na kuiweka miongoni mwa magonjwa ya hisia, yale yanayotibika. Hata leo, fomu tunayotumia kliniki kupima sonona huuliza kuhusu wiki 2 zilizopita. Mtu wetu hupata alama za katikati, anaambiwa apumzike, anaenda nyumbani. Ni lazima mhudumu aulize swali la ziada: hali hii ina miaka mingapi?

Sasa mtaniuliza, je, kila mtu mkimya ni mgonjwa? La. Mkimya wa kuzaliwa anaufurahia ukimya wake. Analala, chakula kinamkolea, na jambo jema likija linamgusa, hata kama hapigi kelele. Mwenye sonona ya kudumu anapokea habari njema kama anayesikia redio ya jirani kupitia ukutani. Kwake kila kazi ndogo ni mlima, na usiku hujihukumu kwa makosa ambayo wengine walishasahau. Kama hamna hakika, muulizeni aliyemjua utotoni, kama tulivyomuuliza yule dada.

Kabla ya kusema ni sonona, tunapima damu kuona kama imepungua, tunaangalia tezi ya shingo, sukari na virusi vya ukimwi, na tunauliza kuhusu pombe, kwa sababu mambo haya yanaweza kumchosha mtu vivyo hivyo. Tunauliza pia kama amewahi kuwa na siku za kuchangamka kupita kiasi bila kulala wala kuchoka, kwa maana huo ni ugonjwa mwingine, na dawa za sonona peke yake zinaweza kuuchochea.

Yule baba alianza fluoksetini, miligramu 20 kila asubuhi, pamoja na mazungumzo na mshauri kila wiki. Wiki mbili za kwanza alipata kichefuchefu tu na akataka kuacha. Wengi huacha hapo, na ni hasara, kwa sababu dawa hii huhitaji kati ya wiki 4 na 8 kuonyesha kazi yake. Wiki ya sita alianza kulala hadi saa kumi na moja. Mwezi wa tatu mkewe alitwambia anapiga mluzi akisaga. Yeye mwenyewe alisema: "Sikujua watu wengine huamka hivi."

Si kila mtu hupona namna hiyo. Wengine hubadilishiwa dawa, wengine hupata nafuu nusu. Kwa kuwa ugonjwa umekaa miaka mingi, matibabu nayo huchukua muda mrefu, na dawa haiachwi ghafla kwa kuwa umejisikia vizuri.

Jambo la mwisho ni la hatari. Juu ya huu uzito wa miaka, ile sonona kubwa inaweza kushuka pia: baada ya msiba, deni au bila sababu. Watu husema "si amekuwa hivyo siku zote", na hawaoni kwamba sasa ameacha hata kufungua mashine. Ukiona mtu aliyekuwa mzito amezidi, anagawa vitu vyake au anasema hana haja ya kuendelea, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Usimwache peke yake. Mlete hospitali siku hiyo hiyo, au piga simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199.

Kwa wengine, hakuna haraka ya namna hiyo. Mwone mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako, au njoo kituo cha afya kilicho karibu. Usiseme tu kichwa kinauma. Sema kinauma tangu lini, unalala saa ngapi, na mara ya mwisho ulipojisikia mwepesi ilikuwa lini. Ukiweza, njoo na ndugu aliyekujua ukiwa mdogo.