Karatasi ya Ufadhili: Nani Amelipia Nani, na Muhula Gani

Nimepewa nafasi kusema juu ya karatasi ile inayotoka Buhinyuza kila muhula na kuzunguka matawini mwetu. Wengi mnaiangalia mara moja, mnatafuta nambari ya mtoto wenu, mnaona neno "amelipiwa", mnaifunga. Naomba leo muisome pamoja nami taratibu.

Kwanza, safu ya muhula. Burundi mwaka wa shule huanza Septemba, na una trimestri tatu. Ndugu yangu wa Tanzania au Kenya, kwako mwaka huanza Januari. Basi ukituma fedha mwezi wa kwanza ukaandika "muhula wa kwanza", huku Buhinyuza muhula wa kwanza umekwisha kabla ya Noeli! Ndiyo maana nashauri mtumaji aandike miezi, si nambari ya muhula: "Septemba hadi Desemba", "Januari hadi Machi". Hapo hakuna wa kukosea.

Pili, karatasi nzuri haina mstari mmoja kwa kila mtoto. Ina mstari mmoja kwa kila mtoto kwa kila muhula. Na malipo yana daftari lao la pembeni: kila fedha iliyoingia, tarehe, nambari ya mfadhili, nambari ya risiti ya shule. Hebu tuone kwa nini.

Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Mtoto nambari 14 yuko sekondari, na minervali yake tuseme ni faranga 30,000 kwa muhula, yaani 90,000 kwa mwaka. Septemba mfadhili wa Kigoma analeta 20,000. Lipo deni la 10,000. Januari mfadhili huyo huyo anatuma tena, na baada ya kubadilishwa zinafika faranga 75,000. Mtunza daftari anatoa 10,000 kufunga deni la muhula wa kwanza, 30,000 za muhula wa pili, 30,000 za muhula wa tatu. Zinabaki 5,000. Mtoto amemaliza mwaka mzima.

Sasa Aprili mama mmoja wa tawi la Nairobi, ambaye naye ameandikwa kwa mtoto 14, anatuma 30,000 za muhula wa tatu. Hakuambiwa kwamba zimekwisha lipwa. Kwenye karatasi ya mstari mmoja kwa mtoto, utasoma "amelipiwa 125,000" na watu watasema haleluya. Lakini zimezidi 35,000, na mstari wa chini yake mtoto 15 anadaiwa 30,000 na amerudishwa nyumbani. Safu ya salio kwa kila muhula ndiyo inayoonyesha jambo hili, na inaonyesha Januari, kabla yule mama hajatuma kitu. Je, mtunza daftari ahamishe mwenyewe? Hapana. Fedha ya mtu ina jina la mtoto. Anampigia mama, anaomba ruhusa, anaandika tarehe ya ruhusa hiyo. Tena fedha iandikwe kwa faranga ambazo shule imepokea na kutolea risiti. Bei ya kubadilisha benki na ile ya barabarani kwetu zinatofautiana sana, kwa hiyo shilingi ulizotuma haziwezi kufunga hesabu.

Jambo dogo hapa: tangu 2005 shule ya msingi ya serikali Burundi haitozi minervali. Ukiona mtoto wa darasa la tatu ana "ada" kubwa, uliza ni ya nini. Inaweza kuwa sare na madaftari, na iandikwe hivyo. Pia msishangae karatasi mpya zikisema Buhumuza badala ya Muyinga. Mikoa ilipangwa upya 2025, shule haikuhama.

Sasa orodha ya ripoti, ambayo mimi naiona muhimu kuliko zote. Muhula ukiisha, mkurugenzi wa shule hutoa buletini. Mwakilishi anaandika: nambari ya mtoto, asilimia aliyopata, siku ambazo hakufika, tarehe buletini ilipoonekana kwa macho. Kisha orodha hii inawekwa kando ya ile ya malipo. Mtoto aliyelipiwa lakini hana buletini, huyo ndiye wa kutafutwa wiki hiyo hiyo. Pengine shule imezuia buletini kwa sababu ya deni dogo. Pengine amehama na wazazi kuvuka mpaka. Pengine aliacha shule mwezi wa pili na risiti bado zinaandikwa. Alama ndogo si tatizo la karatasi. Buletini isiyokuwepo ndiyo tatizo.

Na majina ya watoto yabaki kwenye daftari la Buhinyuza. Karatasi inayosafiri kwa simu iwe na nambari tu, kwa maana mtoto wa sekondari hapendi kijiji kizima kijue nani anamlipia.

Muhula huu, ukipokea karatasi, soma mistari mitatu ya mtoto wako, kisha tafuta nambari yake kwenye orodha ya buletini. Kama haipo, mpigie mwakilishi kabla hujatuma tena.