Kebo Moja, Soketi Mbili: Namna Kitanzi Kinavyogandisha Mtandao wa Ofisi na Mahali pa Kukizuia

Mada kwa semina ya mafundi wa mitandao na maofisa wa TEHAMA

1. Utangulizi

Mada hii inahusu hitilafu moja tu. Kebo inachomekwa mahali pasipostahili, soketi mbili za mtandao uleule zinaunganishwa, na papo hapo ofisi nzima inasimama. Hakuna kifaa kilichoungua wala kebo iliyokatika. Kila taa kwenye raki inawaka, na ndiyo maana fundi anaweza kupoteza nusu siku akimlaumu mtoa huduma ya intaneti.

Hoja yangu ni kwamba kitanzi hakizuiwi kwa kuwaonya wafanyakazi, wala kwa kuiwasha itifaki ya STP na kuiachia kazi yote. Kinazuiwa kwenye poti ya swichi inayoelekea mezani, kwa mipangilio michache ambayo swichi nyingi za kusimamiwa tayari zinayo lakini haijawashwa.

2. Kisa cha mfano

Tuchukue ofisi yenye swichi ya poti 24 kwenye raki. Chumba cha wahasibu kina soketi mbili ukutani, na kebo zake zinaishia kwenye poti ya 14 na ya 15. Wahasibu walipoongezeka, mtu aliwanunulia swichi ndogo ya mezani, ile isiyo na mipangilio yoyote. Kebo moja inatoka soketi ya 14 hadi swichi hiyo, na kompyuta za wahasibu zimechomekwa humo.

Ijumaa jioni meza zinahamishwa ili sakafu ipigwe deki. Wakati wa kuzirudisha, kebo moja ya swichi ndogo inaonekana ikining'inia. Soketi ya 15 iko wazi, na kebo inaingia bila shida, kwa hiyo anayepanga meza anaichomeka. Zamani kosa hili lingeweza kuzuilika lenyewe, kwa sababu kuunganisha swichi na swichi kulihitaji kebo iliyopishanishwa nyaya. Swichi za leo hujirekebisha zenyewe, na kebo yoyote inakubali. Sasa kuna njia mbili kati ya swichi ya raki na swichi ya mezani, nazo zimefanya duara.

3. Kinachotokea ndani ya duara

Kompyuta iliyo poti ya 3 inataka kuchapa. Haijui anwani ya MAC ya printa, basi inatuma fremu ya ARP kuuliza. Fremu hiyo inaelekezwa kwa `ff:ff:ff:ff:ff:ff`, yaani kwa wote. Ni kama mbiu ya mgambo: kila aliyemo mtandaoni lazima aisikie. Swichi inainakili na kuitoa kwenye kila poti isipokuwa ile iliyoingilia.

Nakala moja inatoka poti ya 14, inafika swichi ya mezani, nayo inaitangaza kote, ikiwemo kwenye kebo iendayo soketi ya 15. Nakala hiyo inarudi kwenye raki kupitia poti ya 15. Swichi ya raki haina kumbukumbu kwamba imeshaiona fremu hii. Inaitangaza upya kwenye poti zote, ikiwemo ya 14, na safari inaanza tena. Wakati huohuo nakala nyingine inazunguka upande wa pili, ikitoka 15 na kurudi 14.

Duara halina mwisho kwa sababu fremu ya Ethaneti haina umri. Pakiti ya IP hubeba hesabu inayoitwa TTL. Kila ruta huipunguza kwa moja, na ikifika sifuri pakiti hutupwa. Fremu haina kitu cha namna hiyo, kwa hiyo itazunguka mpaka kebo ichomolewe au swichi ilemewe na kuitupa.

Katika duara la njia mbili, kila tangazo jipya huacha nakala mbili zinazozunguka daima. Kompyuta za ofisi hutangaza kila mara, na nakala zinajilimbikiza hadi kebo inajaa. Kama njia ni tatu, hali ni mbaya zaidi: fremu inayoingia kwa njia moja hutokea kwa mbili nyingine, na idadi inajizidisha yenyewe hata bila tangazo jipya. Kebo ya megabiti 100 kwa sekunde inaweza kupitisha takribani fremu 148,800 ndogo kabisa kila sekunde. Kila moja inapozunguka inamwagwa pia kwenye kila kompyuta, printa na simu ya mtandao, na kila kifaa kinalazimika kuipokea na kuikagua.

Madhara ya pili hayaonekani kwa urahisi. Swichi hujifunza mahali pa kila kompyuta kwa kutazama poti ambayo fremu zake zimeingilia. Kompyuta ya poti ya 3 sasa inaonekana ikitokea 14, halafu 15, halafu 14 tena. Majibu yanayostahili kwenda poti ya 3 yanatupwa ndani ya duara. Hivyo hata mazungumzo ya watu wawili ambao hawahusiani na wahasibu yanakatika.

4. Dalili na utafutaji

Dalili ya kwanza ni upana wa tatizo. Intaneti ikikatika kwa mtoa huduma, printa na seva ya ndani huendelea kufanya kazi. Kitanzi huzima vyote kwa pamoja. Wi-Fi nayo inaonyesha imeunganishwa lakini haipitishi kitu, kwa sababu matangazo hurushwa hewani kwa mwendo wa chini na kuijaza haraka. Kompyuta iliyowashwa wakati huo haipati anwani kutoka kwa DHCP, na ile ya Windows hujipa yenyewe inayoanza na `169.254`.

Dalili ya pili iko kwenye raki. Taa za poti zote zinapepesa kwa kasi na kwa mpigo mmoja, hata zile za kompyuta ambazo hakuna anayezitumia. Ukurasa wa kusimamia swichi haufunguki, kwa hiyo ingia kwa kebo ya konsoli. Kwenye swichi ya Cisco utakuta ujumbe wa aina hii:

```
%SW_MATM-4-MACFLAP_NOTIF: Host 0011.2233.4455 in vlan 1
is flapping between port Gi0/14 and port Gi0/15
```

Ujumbe huo umetaja poti mbili za duara kwa majina. Chomoa mojawapo na dhoruba inakoma hapohapo.

Kama swichi haina kumbukumbu za aina hiyo, chomoa kebo za raki moja baada ya nyingine, ukianza na zile zinazokwenda kwenye swichi nyingine. Kila unapochomoa, ngoja sekunde chache na utazame taa. Zikitulia, umefika. Iache kebo hiyo nje, rudisha nyingine zote ili ofisi ifanye kazi, kisha ndipo uende chumbani kutafuta duara lenyewe.

Kuzima na kuwasha swichi kunapotosha. Dhoruba inafutika, mtandao unaonekana kupona, kisha tangazo la kwanza linauanzisha moto upya. Anayeondoka mapema huitwa tena kabla hajafika mbali.

Si kila dhoruba ni kitanzi. Kadi mbovu ya mtandao au programu iliyoharibika inaweza kumwaga matangazo peke yake. Kutofautisha, nasa fremu kwa sekunde chache ukitumia Wireshark. Kwenye kitanzi utaona nakala zilezile kabisa zikirudi kwa maelfu, hata ombi la DHCP lenye namba ileile ya muamala, tena kutoka kwa vifaa mbalimbali. Kwenye kadi mbovu chanzo ni kimoja, na anwani zake hazirukiruki kati ya poti.

5. Kwa nini STP peke yake haitoshi

Itifaki ya STP ilibuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 akiwa kampuni ya Digital, na ikawa kiwango cha IEEE 802.1D mwaka 1990. Swichi hutumiana ujumbe uitwao BPDU kila sekunde 2. Zikigundua njia mbili, moja hufungwa na kuwekwa akiba.

Udhaifu wake wa kwanza ni kwamba swichi ndogo ya mezani haiijui STP. Baadhi hupitisha BPDU kama fremu ya kawaida, na hapo swichi ya raki hupokea ujumbe wake yenyewe na kutambua duara. Nyingine huumeza, na raki haioni kitu.

Wa pili ni muda. Katika STP ya awali poti hungoja sekunde 30 kabla ya kupitisha data. Kompyuta ziliwaka zikakosa anwani, na mafundi wengi wakaizima STP badala ya kuirekebisha.

Wa tatu ni kwamba njia ya akiba hubaki imefungwa maadamu swichi inasikia BPDU. Isiposikia kwa sekunde 20, hudhani njia kuu imekufa na huanza kuifungua. Mtandao uliolemewa hupoteza BPDU, na itifaki ya kuzuia kitanzi inakitengeneza. Hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston ilipitia msukosuko wa aina hii Novemba 2002, mtandao wake ulipokuwa umekua kupita kiasi ambacho STP ingehimili. Kwa siku kadhaa madaktari walirudi kuandika kwa karatasi.

6. Mapendekezo

Kwenye swichi ya Cisco ya mfano wetu, poti 1 hadi 22 zinaelekea mezani na 23 na 24 zinaunganisha swichi nyingine. Mipangilio ni hii:

```
interface range GigabitEthernet0/1 - 22
 spanning-tree portfast
 spanning-tree bpduguard enable
 storm-control broadcast level 1.00
 storm-control action shutdown
```

Mstari wa `portfast` unaondoa ile subira ya sekunde 30, kwa hiyo hakuna tena sababu ya kuizima STP. Ule wa `bpduguard` unaifunga poti mara inaposikia BPDU, kwa kuwa poti ya mezani haitarajiwi kupokea BPDU. Mistari miwili ya mwisho ni kwa ajili ya swichi zinazomeza BPDU: matangazo yakizidi asilimia 1 ya uwezo wa poti, poti inafungwa. Kiwango hicho kipimwe kwanza dhidi ya matumizi ya kawaida ya ofisi. Wala `bpduguard` isiwekwe kwenye 23 na 24, maana itakata uti wa mgongo wa mtandao.

Poti iliyofungwa huonekana kwa `show interfaces status err-disabled`. Ipo amri ya kuifungua yenyewe baada ya sekunde 300, lakini kebo ikiwa bado ipo, dhoruba fupi itajirudia kila poti inapofunguka. Ni heri ifunguliwe na fundi aliyekwisha kuiona kebo.

Hatimaye, soketi zisizotumika zichomolewe kwenye raki, si kuachwa hai ukutani. Kama soketi ya 15 ingekuwa imechomolewa, kebo iliyoning'inia isingeunganisha kitu, na wahasibu wangeingia kazini Jumatatu bila kumwita fundi.

7. Maswali ya kujadili

Je, taasisi yako ina orodha ya swichi ndogo zilizo chini ya meza, na nani alizinunua? Ni poti ngapi za mezani ambazo mpaka leo hazina ulinzi huu? Na kama kitanzi kingetokea kesho asubuhi, kebo ya konsoli iko wapi?