Kuficha Jina Hakutoshi: Mhariri na Habari ya Mtoto Aliyejiua



Naomba tuketi kidogo kwenye meza ya mhariri. Mfano huu nimeutunga, ila wanahabari mtaitambua sura yake. Jioni, mwandishi aliyeko Mpanda anatuma habari kutoka kata ya Kapalamsenga, Wilaya ya Tanganyika: "Mwanafunzi ajinyonga kisa simu". Jina ameliondoa. Ameacha umri, miaka 13, pamoja na shule, darasa, kazi ya baba, na maneno ya mdogo wa marehemu aliyeukuta mwili.

Tuanze na "ajinyonga". Kiswahili chetu kimeitaja njia ndani ya kitenzi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inakataza kueleza njia, kwa kuwa msomaji aliyekwisha kukata tamaa huweza kuiga. Mwaka 1987, magazeti ya Vienna yalipobadili namna ya kuripoti waliojiua kwenye treni za chini ya ardhi, matukio hayo yalishuka sana. Basi tuandike "afariki kwa kujiua", na habari tusiiweke ukurasa wa mbele.

"Kisa simu" nayo iondoke. Kujiua hakuna chanzo kimoja, na maneno hayo mawili yanamhukumu mzazi aliyemchukulia mtoto simu, akiwa bado matangani.

Sasa utambulisho. Jijini Dar es Salaam, "mwanafunzi wa miaka 13" hajulikani. Kapalamsenga, shule, darasa na kazi ya baba vikikutana, jina limeshatajwa. Kipimo changu ni hiki: je, mtu wa kijiji jirani akisoma atamjua? Akimjua, futa shule, darasa, kazi na kata. Ubaki na Mkoa wa Katavi.

Mdogo wa marehemu naye tusimnukuu. Mtoto hajui maneno yake yatamfuata hadi wapi, na mzazi aliyefiwa leo hana utulivu wa kutoa ridhaa kwa niaba yake. Aliyoyaona yanahitaji mtu wa kumsikiliza, si kinasa sauti.

Mwandishi atapiga simu: "Mkuu, mbona polisi wameshataja kila kitu?" Polisi kutaja hakumlazimishi mhariri kuchapa. Maadili yanayosimamiwa na Baraza la Habari Tanzania yanadai faragha na staha kwa wafiwa. Lakini Baraza husikiliza malalamiko baada ya gazeti kutoka. Kabla ya hapo yupo mhariri na kalamu yake.

Kinachobaki ni sentensi mbili na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto. Je, hiyo bado ni habari? Mara nyingi naiweka kando, kisha namrudisha mwandishi na swali jingine: mwanafunzi wa Katavi akilemewa, shuleni kwake kuna nani wa kumwendea? Jibu la swali hilo linachapika bila kumtaja mtoto yeyote.