Dola Mia Mbili Ni Shilingi Ngapi? Kukokotoa Gharama Kamili ya Ununuzi wa Mtandaoni kwa Kadi ya Shilingi

Mada iliyowasilishwa katika semina ya waweka hazina wa vikundi vya uzalishaji mali



1. Utangulizi

Vikundi vyetu vingi sasa vinaagiza vipuri, programu za kompyuta na vifaa vya kuchapishia kutoka kwa wauzaji walio nje ya nchi. Bei huandikwa kwa dola, kadi ni ya akaunti ya shilingi, na kitabu cha hesabu ni cha shilingi. Hapo katikati mweka hazina hutakiwa kuwaeleza wanachama ni shilingi ngapi zitatoka. Mara nyingi anatazama kiwango cha dola kilichotangazwa siku hiyo, anazidisha, na kuandika makisio. Taarifa ya benki ikija, fedha zilizokatwa zimezidi makisio, na wanachama wanataka maelezo.

Mada hii inashughulikia ziada hiyo: inatoka wapi, inakokotolewaje kabla ya kulipa, na inathibitishwaje baada ya kulipa. Hoja yangu ni kwamba ada iliyoandikwa kwenye jedwali la ada za benki ni sehemu tu ya gharama. Sehemu nyingine imo ndani ya kiwango cha kubadilishia fedha, na haiandikwi mahali popote kama ada. Kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni kimoja: shilingi zote zilizotoka kwenye akaunti, zigawanywe kwa dola zilizolipwa. Matokeo yake nitayaita kiwango halisi.

2. Viwango vitatu vya dola moja

Kwenye ubao wa benki au tovuti yake, dola ina viwango viwili, na kwenye tovuti nyingi safu zake huandikwa Buying na Selling. Maneno hayo husemwa kwa upande wa benki. Cha kwanza ni kiwango ambacho benki inanunulia dola kutoka kwako. Cha pili ni kiwango ambacho inakuuzia. Unapolipia bidhaa ya dola kwa kadi ya shilingi, wewe ndiye unayenunua dola, hivyo kinachokuhusu ni kile cha kuuza, ambacho siku zote ni kikubwa zaidi. Kosa linaloonekana sana katika makisio ya vikundi ni kuchukua safu ya kwanza kwa sababu tu imetangulia.

Kiwango cha tatu ni cha wastani, kilicho katikati ya hivyo viwili. Benki Kuu ya Tanzania huchapisha kila siku ya kazi viwango vya kununua, kuuza na wastani kwenye tovuti yake. Wastani huo si bei ambayo mwenye kadi atauziwa dola. Unatufaa kama alama ya kupimia, maana ndio unaotuonyesha benki imejiongezea kiasi gani.

Kuna jambo la kuuliza benki yako mapema: nani anabadilisha fedha? Kwa baadhi ya kadi, mtandao wa malipo, yaani Visa au Mastercard, hubadilisha dola kuwa shilingi kwa kiwango chake, kisha benki huongeza asilimia yake juu. Kwa nyingine, deni hufika benki likiwa bado la dola, na benki hulibadilisha kwa kiwango chake cha kuuza. Mitandao yote miwili ina kikokotoo kwenye tovuti yake, chenye nafasi ya kujaza asilimia ya benki. Kikokotoo hicho kitakupa jibu la karibu kwa njia ya kwanza. Kwa njia ya pili hakitakusaidia. Utahitaji kiwango cha kuuza cha benki yenyewe.

3. Mfano: kichwa cha mashine ya kuchapia

Tuchukue kikundi kinachochapa fulana. Kinahitaji kichwa cha mashine cha dola 180, na kusafirisha ni dola 20. Jumla ni dola 200. Viwango ninavyotumia hapa ni vya zoezi. Kila mmoja ataweka vya benki yake na vya siku yake. Wastani ni shilingi 2,600 kwa dola. Benki inanunua kwa 2,560 na kuuza kwa 2,640. Ada ya muamala wa kimataifa wa kadi ni asilimia 2.5 ya kiasi cha shilingi, na juu ya ada hiyo inatozwa VAT ya asilimia 18.

Hatua ya kwanza ni kuzidisha dola kwa kiwango cha kuuza: 200 × 2,640 = 528,000. Hatua ya pili ni ada: asilimia 2.5 ya 528,000 ni 13,200. Hatua ya tatu ni kodi, ambayo hutozwa juu ya ada peke yake, wala si juu ya bei ya bidhaa: asilimia 18 ya 13,200 ni 2,376. Jumla inayotoka kwenye akaunti ni shilingi 543,576. Kwa anayetaka kanuni moja ya kuweka kwenye jedwali la kompyuta, ni hii:

```
Jumla = D * K * (1 + a * (1 + v))
200 * 2640 * (1 + 0.025 * 1.18) = 543576
```

D ni dola, K ni kiwango cha kuuza, a ni ada na v ni VAT, hizo mbili zikiandikwa kwa desimali. Kama taarifa yako inaonyesha makato mengine ya serikali juu ya ada, yaongeze mahali pale pale penye v.

Sasa tupime. Kwa kiwango cha wastani, dola 200 zingekuwa shilingi 520,000. Ziada ni 23,576, sawa na asilimia 4.5 hivi. Ndani yake ada ni 13,200 na kodi 2,376, na zote mbili zitaonekana kwenye taarifa ya akaunti. Zilizobaki, shilingi 8,000, zimetokana na kiwango cha kuuza kuzidi wastani kwa shilingi 40 katika kila dola. Hakuna mstari wa taarifa utakaozitaja. Kiwango halisi cha kikundi hiki ni 543,576 ÷ 200, yaani shilingi 2,717.88 kwa dola.

4. Kulinganisha benki mbili

Faida ya kiwango halisi inaonekana pale benki nyingine inapotangaza kadi isiyo na ada ya muamala wa kimataifa. Tuseme benki hiyo inauza dola kwa 2,720. Dola 200 ni shilingi 544,000, bila ada wala kodi ya ada. Ukilinganisha na 543,576, kadi isiyo na ada imekuwa ghali kwa shilingi 424. Tofauti ni ndogo, lakini inatosha kuonyesha kwamba tangazo la "bila ada" halijibu swali la gharama. Kwa mfano wetu, kadi hiyo ingekuwa nafuu pale tu ambapo kiwango chake cha kuuza kingekuwa chini ya 2,717.88.

5. Panapoharibika hesabu

La kwanza ni siku. Unapobonyeza kulipa, benki huzuia kiasi fulani kwenye akaunti. Fedha hukatwa rasmi baada ya siku moja au zaidi, muuzaji anapowasilisha dai lake. Kiwango kinaweza kuwa kimebadilika. Kikipanda kutoka 2,640 hadi 2,655, kikundi chetu kitakatwa shilingi 546,664.50, ongezeko la 3,088.50. Dalili yake ni kiasi kilichozuiwa kutolingana na kiasi kilichokatwa, ilhali dola ni zile zile. Hilo si wizi, lakini akaunti iliyoachwa na salio lililolingana kamili na makisio itapungukiwa. Wacheni akiba ya asilimia chache juu ya jumla iliyokokotolewa.

La pili ni kukubali kulipa kwa shilingi kwenye ukurasa wa muuzaji. Baadhi ya wauzaji wa nje, au kampuni zinazowapokelea malipo, humwuliza mteja kama anataka kutozwa kwa fedha ya nchi yake. Inavutia kwa sababu unaona kiasi kamili papo hapo. Lakini anayebadilisha sasa ni upande wa muuzaji, kwa kiwango anachokichagua yeye. Akiweka 2,750, bei inakuwa shilingi 550,000. Na kwa kuwa muuzaji yuko nje, zipo benki zinazotoza ada ya kimataifa hata kama muamala umekuja kwa shilingi. Kwa ada na kodi ile ile jumla inafika 566,225, yaani 22,649 zaidi ya kulipa kwa dola. Kabla ya kukubali, gawanya shilingi ulizoonyeshwa kwa dola za bei ya awali. Kama benki yako hutoza ada hata kwa muamala wa shilingi, linganisha kiwango hicho na kile chake cha kuuza; kama haitozi, linganisha na kiwango halisi. Kikizidi, chagua dola. Angalia pia kwamba kuna tovuti zinazoonyesha bei ya shilingi kwa makadirio tu, kisha zinatoza dola. Ukurasa wa mwisho wa malipo ndio unaosema ukweli.

La tatu ni kurudishiwa fedha. Muuzaji akirudisha dola zote 200, benki sasa inanunua dola, na kwa kawaida hutumia kiwango cha kununua. Kwa 2,560 kikundi kitapokea shilingi 512,000. Ikiwa ada na kodi yake hazirudishwi, kikundi kimepoteza shilingi 31,576 bila kubaki na kitu chochote mkononi. Muuzaji atakuwa sahihi akisema amerudisha zote. Ndiyo maana vipimo na namba ya kifaa vihakikiwe kabla ya kulipa.

6. Mipaka ya hesabu hii

Hesabu hii inaishia kwenye malipo. Ushuru wa forodha na kodi za mzigo unapoingia nchini ni makadirio ya peke yake, na visichanganywe na gharama ya kubadilisha fedha. Aidha, inahusu muuzaji wa nje. Kwa bidhaa na huduma za ndani, Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025 zinakataza bei kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa pale kanuni zenyewe zilipotoa msamaha.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila mweka hazina aombe benki yake majibu matatu kwa maandishi: kadi inabadilishwa kwa kiwango cha nani, ada ni asilimia ngapi na ya kiasi gani, na ada hurudishwa au hairudishwi muuzaji anaporejesha fedha. Pili, kila ununuzi wa nje uandikwe kwenye kitabu kwa mistari minne: dola zilizolipwa, shilingi zilizokatwa rasmi pamoja na ada na kodi, kiwango halisi, na wastani wa Benki Kuu wa siku ya makato. Tatu, kikundi kisihamie kadi nyingine kabla ya kulinganisha viwango halisi vya kadi zote mbili kwa siku moja.

8. Swali la majadiliano

Kwenye vikundi kazi, chukueni muamala mmoja wa dola kutoka taarifa ya akaunti mliyokuja nayo, mkiwa mmefunika namba ya akaunti. Jumlisheni makato yake yote, mgawe kwa dola, kisha mtoe wastani wa siku hiyo. Mkishapata tofauti kwa kila dola, itenganisheni: kiasi gani ni ada na kodi mlizoziona, na kiasi gani kilikuwa ndani ya kiwango. Kila kikundi kiwasilishe namba hizo mbili.