Kuhesabu Hadi Kumi: Wimbo, Vifuniko na Miguu

Haya ni maneno ya afisa wa elimu ya chekechea katika mkutano wa walimu na wazazi.



Mzazi akifika shuleni, mtoto humwimbia moja hadi kumi bila kukosea, na mzazi huondoka akifurahi. Lakini mpe mtoto huyohuyo rundo la vifuniko vya soda umwambie, "Nipe vitano." Wengi watakujazia kiganja. Wameukariri wimbo, ila hawajajua kwamba tano ni idadi. Somo tunalolipanga leo ni la kuvuka hapo.

Chukueni darasa la watoto 24 na kipindi cha dakika 30. Wakae wawili wawili, kila jozi na vifuniko kumi. Hivyo ni vifuniko 120, na hoteli ya jirani itawapa bure. Vioshwe, na vyenye kingo kali viondolewe. Maharagwe na mahindi yaachwe jikoni, kwa sababu mtoto wa miaka 4 huyatia puani.

Anzeni na wimbo, dakika tano zinatosha. Tumieni mdundo ambao watoto wanaujua, katika lugha wanayoizungumza nyumbani. Imbeni polepole, na mkifika sita, saba, nane, tisa punguzeni mwendo zaidi. Sita na tisa zina sauti zilezile zilizopinduliwa, na hapo ndipo watoto hubadilisha moja kwa nyingine au huruka.

Halafu vifuniko, na hapa msiwe na haraka. Mtoto avipange mstari mmoja, kisha asukume kimoja kimoja upande wa pili huku akitaja namba. Asukume, asielekeze kidole tu. Kidole hurudi kilipotoka au hukimbia mbele ya mdomo, lakini kifuniko kilichosukumwa kimehesabiwa. Sikilizeni vizuri: namba zetu hadi kumi zina silabi mbili kila moja, hata nne. Kuna mtoto atakayegusa kifuniko kimoja akisema "mo" na cha pili akisema "ja". Huyo atafika kumi amegusa vifuniko ishirini, au vitamwishia akiwa tano. Mshike mkono, mtaje namba nzima pamoja ndipo kifuniko kisogee.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Katika wimbo tunasema mbili, tatu, nne, lakini juu ya vitu tunasema vifuniko viwili, vitatu, vinne. Kwa mtoto hayo ni maneno mapya. Wakati wa kusukuma, bakini na moja, mbili, tatu. Akimaliza, mwalimu azungushe mkono juu ya rundo lote na kusema, "Vifuniko vitatu." Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, basi huko kazi ni nyepesi.

Sasa miguu. Chora duara kumi uwanjani kwa kijiti. Mtoto asimame nje ya duara la kwanza, si ndani yake. Akianzia ndani, ataruka mara moja na kujikuta la pili huku akisema moja, na hesabu yote itapinda. Kuruka ni kugumu kuliko vifuniko kwa sababu mruko ukiisha haupo tena wa kuangalia. Kwa hiyo mwenzake aweke kifuniko kimoja kwenye kopo kila mruko unapotua. Mtoto akiruka hadi duara la saba, wamwage kopo wahesabu. Vikitoka sita, usiwaambie nani amekosea. Rudieni polepole, nao wataona wenyewe mruko upi haukuwekewa kifuniko.

Dakika tano za mwisho ni za kupima, na hamhitaji karatasi. Mwalimu apite kwa watoto wanne au watano, wengine kesho. Kwanza mtoto ahesabu vifuniko, kisha aulizwe, "Viko vingapi?" Akianza kuhesabu upya kutoka moja, bado hajaelewa kwamba namba ya mwisho ndiyo jibu. Pili, aambiwe, "Nipe vifuniko vinne." Akisimama penyewe kwenye nne, ameelewa nne. Mjaribu na sita. Anayechota tu bila kusimama arudishwe kwenye mbili na tatu kesho, hata kama anaimba hadi ishirini. Mwalimu aandike kando ya jina namba kubwa ambayo mtoto aliweza kutoa.

Nusu ya darasa ikishindwa kutoa vitano, msiende kumi wiki hiyo. Punguzeni vifuniko viwe vitano kwa kila jozi na duara ziwe tano, wimbo ubaki uleule.

Nanyi wazazi, wakati wa kuandaa chakula mwambieni mtoto alete vijiko vinne, mhesabu pamoja mnapoviweka mezani. Akileta vitatu, msimkemee. Mwacheni agawe, aone nani amekosa kijiko.