Cheti cha Kuzaliwa na Mtoto wa Mtaani: Hotuba kwa Wakazi wa Nairobi



Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini kote. Kati yao, 15,337 walikuwa hapa Nairobi. Mkazi anapowaona watoto wakiokota chupa na vyuma kando ya barabara, husema upesi kwamba hao wamekataa shule. Wapo waliokataa. Lakini wapo pia waliofika langoni wakarudi, na kilichowarudisha ni karatasi.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na karo ya shule za msingi za umma iliondolewa Januari 2003. Hata hivyo, mgao wa serikali ya kitaifa, shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, umekuwa ukifuata majina yaliyosajiliwa katika mfumo wa NEMIS, na usajili huo uliitisha cheti cha kuzaliwa. Mwalimu mkuu anayempokea mtoto asiye na cheti humpokea bila fedha za kumnunulia hata daftari. Kumlaumu ni rahisi kuliko kumtafutia fedha hizo.

Chukua mfano wa mvulana wa miaka 11 anayelala Ngara pamoja na mamake. Alizaliwa nje ya hospitali, na hakuna aliyempasha habari naibu wa chifu. Sheria inataka kizazi kiandikishwe ndani ya miezi 6. Baada ya hapo, usajili unahesabiwa kuwa wa kuchelewa, na mzazi huulizwa mengi zaidi. Kwanza ni kitambulisho cha mama. Mama huyu naye alikulia mtaani, hana kitambulisho. Akienda kukitafuta anaulizwa vitambulisho vya wazazi wake, na barua ya chifu anayejua makao yake. Chifu gani atamwandikia barua mtu anayelala barazani mwa duka, na kesho amefukuzwa hapo?

Kisha unatakiwa uthibitisho wa umri wa mtoto: kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, au hati kutoka shuleni. Kadi ya kliniki haidumu mvua ikinyesha na magunia yakichomwa. Hati ya shule hutolewa na shule, nayo ndiyo inayongoja cheti. Hapo ndipo mama wengi huchoka, na mwaka unapita.

Tuseme kijana huyo amefaulu kuingia. Hajui kusoma, kwa hivyo anawekwa na watoto wa miaka 6. Anakaa wiki chache akichekwa na kuitwa chokoraa, halafu anarudi kwenye vyuma vyake, ambako angalau jioni ana pesa ya chakula. Huyu ndiye baadaye huhesabiwa kuwa amekataa shule. Shirika la Undugu, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Padri Arnold Grol, lilitambua jambo hili mapema. Likafungua madarasa ya watoto waliopitwa na umri, yenye mtaala uliofupishwa na mafunzo ya ufundi baadaye. Kijana wa miaka 11 anahitaji darasa la namna hiyo kabla hajahitaji sare.

Shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa, na kaunti haiwezi kubadilisha masharti ya usajili wa wanafunzi wake. Elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi ndivyo vilivyo mikononi mwa kaunti. Hospitali ya Pumwani pia ni ya kaunti, pamoja na Mbagathi na Mama Lucy Kibaki. Mama wa mtaani anayejifungulia humo hupata taarifa ya kizazi, ile fomu ya B1, na akiondoka bila kuipata, kosa ni la wodi. Pale ndipo afisa wa jamii anapaswa kukutana naye, amwongoze hadi cheti kitoke, na aanze pia safari ya kitambulisho cha mama mwenyewe. Mpango wa Dishi na County huwapa wanafunzi chakula cha mchana kwa shilingi 5, lakini chakula hicho ni cha aliyesajiliwa shuleni. Mtoto wa miaka 4 akipokewa chekechea huku karatasi zikifuatiliwa, ataanza kula hapo, na shule itakuwa na hati ya kumwandikia.

Kwa watoto wasiojulikana wazazi, umri huamua mengi. Kifungu cha 14 cha Katiba kinamchukua mtoto anayeonekana kuwa chini ya miaka 8, aliyepatikana nchini bila wazazi wala uraia wake kujulikana, kuwa raia wa kuzaliwa. Akionekana kupita umri huo, dhana hiyo haimlindi tena. Kwa hivyo anayemwona mtoto wa namna hiyo na ampeleke kwa afisa wa watoto wa eneo au kwa chifu wiki hiyo hiyo, kabla baridi ya Julai haijamhamishia mtaa mwingine.