Ulichosikia kwenye simu ya benki, kiandike kwenye ukurasa mmoja

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wetu wa Jumamosi kwa familia zilizofika Marekani karibuni)

Leo nazungumza nawe uliyepigiwa simu na afisa wa mkopo, au utakayepigiwa, kwa sababu karibu kila familia hapa itahitaji gari la kwendea kazini.

Nianze na simu yenyewe. Benki ikikuambia mazungumzo yanarekodiwa, inarekodi kwa ajili yake, na nakala hiyo huenda usiipate. Ukitaka kurekodi mwenyewe, omba ruhusa mwanzoni: "Naomba nirekodi ili nisikilize tena nyumbani." Katika baadhi ya majimbo, kama Kalifonia na Pensilvania, sheria inataka kila aliye kwenye simu akubali. Afisa akikataa, usirekodi. Mwombe aseme polepole, uandike.

Sasa nikupe mfano wa mama mmoja wa hapa kwetu, kwa ruhusa yake. Alitaka kununua gari la dola 9,000. Simu ilichukua dakika 22, afisa alikubali irekodiwe, na kijana wake wa miaka 16 alitafsiri. Baadaye kijana akaandika muhtasari huu: "Mkopo 9,000. Riba asilimia 12. Kila mwezi 237. Miaka minne. Malipo ya kwanza 06/07."

Hakuna kosa hata moja hapo. Lakini tulipokaa naye na kusikiliza rekodi mara ya pili, tuliona kwamba mambo ambayo yangemuumiza hayakuandikwa. Tukagawa karatasi sehemu nne: riba, ada, tarehe, masharti. Nawe fanya hivyo kabla hujabonyeza kitufe cha kusikiliza, na kando ya kila jambo andika dakika liliposemwa, ili ukibishana na mtu urudi pale pale.

Tuanze na riba. Dola 9,000 kwa asilimia 12 kwa mwaka, miezi 48, ni dola 237 kwa mwezi. Zidisha mara 48 upate dola 11,376. Yaani riba peke yake ni dola 2,376. Afisa hakutaja jumla hiyo, wala hakuulizwa. Na katika mkopo huu riba huhesabiwa kila siku juu ya deni lililobaki. Mwanzoni ni karibu dola 3 kwa siku, kwa hiyo kuwahi kulipa kunapunguza riba, na kuchelewa kunaiongeza.

Pili, ada. Dakika ya 9 afisa alisema kuna ada ya kufungua mkopo, dola 250, "inakatwa kwenye mkopo." Kijana alisikia kama jambo dogo. Maana yake ni kwamba mama angepokea dola 8,750, huku akilipa deni la 9,000. Muuza magari anataka 9,000 kamili. Hizo 250 zingetoka wapi? Na ukiihesabu ada hiyo pamoja na riba, gharama halisi ya mkopo si asilimia 12 tena, ni kama asilimia 13.5.

Hapo ndipo sheria inapokusaidia. Tangu mwaka 1968 kuna sheria ya nchi hii inayomlazimisha mkopeshaji akuonyeshe gharama kwa maandishi kabla hujaweka saini. Tafuta visanduku hivi kwenye karatasi hiyo. Cha kwanza kimeandikwa ANNUAL PERCENTAGE RATE, kwa kifupi APR, na ndicho kinachochanganya riba na ada. Kwa mama huyu kingesoma karibu 13.5, si 12. Kinachoandikwa Finance Charge ni gharama yote kwa dola: hapa 2,626. Amount Financed ni pesa unayopata kweli: 8,750. Total of Payments ni jumla utakayolipa: 11,376. Weka muhtasari wako kando ya visanduku hivyo. Namba zikitofautiana, usiweke saini mpaka uelezwe, kwa sababu kitakachokufunga ni karatasi yenye saini yako, si maneno ya simu.

Tatu, tarehe. Kijana anasoma shule ya hapa, akaandika 06/07 kama Wamarekani, mwezi kwanza. Mama alisoma kama tulivyozoea sisi: tarehe 6 Julai. Ilikuwa tarehe 7 Juni. Angechelewa karibu mwezi mzima kwenye malipo ya kwanza kabisa, na kuchelewa kukifika mwezi huweza kuripotiwa kwenye historia ya mkopo. Kwa hiyo andika jina la mwezi kwa herufi. Namba nazo zirudie kwa afisa, tarakimu moja moja, maana "fiftini" na "fifti" kwenye simu husikika karibu sawa: "Ni moja-tano, au tano-sifuri?"

Afisa alisema pia kuna siku 10 za ziada, kisha faini ya dola 25. Siku hizo 10 zinakuepusha na faini tu. Riba ya kila siku inaendelea kuhesabiwa.

Nne, masharti. Hapa ndipo afisa alipozungumza haraka zaidi, dakika ya 17. Gari ndilo dhamana: jina la benki linaandikwa kwenye hati ya gari mpaka deni liishe, na usipolipa benki inaweza kulichukua. Halafu lazima uwe na bima kubwa muda wote wa mkopo. Ukiiacha ikatike, benki itanunua bima yake na kuiongeza kwenye deni lako. Bima ya namna hiyo kwa kawaida ni ghali, na inalinda gari kwa ajili ya benki tu. Ukigonga gari la mtu, haikusaidii.

Mama alipiga simu kampuni ya bima. Bima kubwa kwa gari lile ilikuwa dola 165 kwa mwezi. Basi gari halikuwa la dola 237 kwa mwezi, lilikuwa la dola 402 kabla ya mafuta. Kodi ya nyumba analipa tarehe 1. Akaona wazi kwamba tarehe 7 mfuko ungekuwa mtupu.

Akampigia afisa tena akiwa na karatasi mkononi. Safari hii aliuliza mambo matatu: ada ya 250 inaweza kupunguzwa? Tarehe ya kulipa inaweza kuwa 20? Nikimaliza deni mapema, kuna faini? Ada haikupunguzwa. Tarehe ilibadilishwa. Faini ya kumaliza mapema haipo, na akaomba jambo hilo limfikie kwa barua pepe siku ile ile. Mwishowe alichagua gari la bei ndogo zaidi, akakopa 6,000 kwa miezi 36, dola 199 kwa mwezi.

Neno la mwisho kwa wazazi. Mtoto akitafsiri, mwambie asifupishe. Neno asilolielewa alitamke kama alivyolisikia, mliandike, mliulize baadaye. Na unaweza kumwomba afisa mkalimani. Benki nyingi wanaye kwenye simu.

Ukiwa na rekodi au karatasi ya mkopo usiyoielewa, ilete ofisini kwetu kabla ya kuweka saini. Tutakaa tuisikilize pamoja. Ukishasaini mkopo wa gari, sheria ya taifa haikupi siku za kubadili nia.